Mwalimu akiishiwa nguvu: dalili na msaada wa shule

Machi 2015 maporomoko ya ardhi yalibomoa nyumba za watu Gitaza, komini Muhuta. Baada ya maafa kama hayo, mwalimu hufundisha watoto waliopoteza makazi, na pengine naye amepoteza yake.

Shirika la Afya Duniani linataja dalili tatu za kuishiwa nguvu kazini: uchovu usioisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi la maana. Ukipumzika na kurudi ukiwa vilevile, au ukianza kuwafokea wanafunzi bila sababu, usipuuze.

Kupunguziwa vipindi hakutoshi ikiwa kinachokulemea ni kubeba huzuni za watoto peke yako. Walimu mnaweza kukaa saa moja kila wiki mbili. Mmoja anaeleza tatizo moja la darasani, wenzake wanauliza bila kumlaumu, kisha anachagua jambo moja la kujaribu. Kikao kijacho anaeleza lilivyokwenda.

Mkurugenzi asiyatumie yaliyosemwa hapo kumpima mwalimu, la sivyo wote watanyamaza. Kikao hakiponyi kila kitu: ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa au ukitamani kufa, nenda kituo cha afya mara moja.