Wakongwe Wanaishia Wapi, Wewe Unaanzia Wapi

Tuseme kijana mtunzi anaishi Tabora. Amesoma tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa mpaka zimemkaa kichwani, na kila akishika kalamu hutoka kitu kama hiki: "Ndia yanipa simanzi, mato yabubujikayo." Mizani imetimia, nane kwa nane. Lakini mitaani Tabora watu husema njia na macho. Lahaja ya Mvita imeingia bila yeye kujua, tena imekuja na huzuni yake. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko nyingine: neno ambalo mtunzi hajawahi kulitamka nje ya shairi.

Kuiga kwenyewe si kosa. Washairi wa Pate na Lamu walikufanya kuwa bahari kamili, takhmisa: unachukua mistari miwili ya mwenzio, unaitangulizia mitatu yako, ubeti unakuwa wa mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huyu huyu anayetajwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, aliifanyia hivyo tungo inayonasibishwa na Fumo Liyongo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Vina vya mistari mitatu mipya hufuata kina cha mstari wa mkongwe, na maana lazima imfikie yeye bila kujikwaa. Ila msikilizaji anajua wapi mmoja ameishia na mwingine ameanza, mshono unaonekana. Katika ubeti wa kijana wetu mshono haupo, na hata yeye mwenyewe hauoni.

Wajapani walilipima jambo hili kwa namna nyingine. Shairi lao la tanka lina vipande vitano, mizani 5, 7, 5, 7, 7. Fujiwara no Teika (1162–1241) aliruhusu kuazima kutoka shairi la kale, desturi iitwayo honkadori, lakini akaweka mipaka: usizidishe vipande viwili na mizani tatu au nne za kipande cha tatu. Kisha ubadilishe jambo. Shairi la kale likiwa la maua, lako liende kwenye mapenzi au majira mengine. Sharti lake kali zaidi ndilo linalonivutia: maneno ya washairi wa miaka 70 au 80 iliyopita yasiguswe kabisa. Mkongwe wa karne nyingi kila mtu anamtambua, kwa hiyo kumwazima ni kumtaja. Ukimwazima mshairi wa juzi, msomaji hana hakika kama unamtaja au unamwibia.

Kwa Waarabu kuna kisa cha Abu Nuwas kilichosimuliwa sana. Mwalimu wake, Khalaf al-Ahmar wa Basra, alimtaka ahifadhi mashairi elfu moja ya kale, na alipokwisha kuyahifadhi akamwamuru ayasahau yote kabla ya kumruhusu kutunga. Kisa ni kitamu, ila kama agizo la kazi sikiamini: hakuna asahauye kwa kuamriwa. (Isitoshe Khalaf mwenyewe alishukiwa kutunga mashairi na kuyapachika majina ya wakale, tena kwa ustadi mkubwa.) Kinachofundisha zaidi ni alichokifanya Abu Nuwas baadaye. Kasida ya kale ilianza kwa mshairi kusimama kwenye magofu ya kambi ya mpenzi wake na kulia. Yeye aliidhihaki desturi hiyo waziwazi na kuuliza habari za kilabu cha mvinyo. Aliijua desturi vizuri kiasi cha kuikataa mahali pamoja mahususi, na hapo ndipo anapotambulikana.

Turudi Tabora na kipimo cha Teika. Kijana amechukua kutoka Mvita msamiati, huzuni na hata jambo lenyewe, safari yenye machozi. Amekizidi kipimo hicho. Abakishe mizani na kituo cha katikati, ambavyo si mali ya mtu, kisha abadilishe jambo liwe safari anayoijua, garimoshi la reli ya kati: "Behewani twabanana, dumu la asali chini." Bado si mshororo mkubwa, na kina chake ni chepesi. Lakini hauna neno la kuazima, na sasa akipenda kupenyeza kipande cha Muyaka kwenye mshororo wa pili, kitasikika kuwa cha Muyaka.

Anayemwiga Euphrase Kezilahabi wa *Kichomi* (1974) ana taabu kubwa zaidi. Shairi huru halina vina wala mizani za kushika. Kinachoigwa ni namna ya kuutazama ulimwengu, nayo haipimiki kwa vipande. Hapo nakubaliana na Teika: aache kuwaazima wa karibu, aende kwa wa mbali.

Wewe mwenye daftari, pigia mstari kila neno usilolisema sokoni wala nyumbani, kisha soma kwa sauti yaliyobaki. Ukikuta hata mshororo mmoja umesimama, anzia huo.