Ruhusa za tovuti: Jinsi ya kufungulia chache na kufungia nyingine

Na MWANDISHI WETU

WENYE vituo vya intaneti, almaarufu saiba, katika miji ya Wote, Emali, Kitui na Mwingi huwa na shughuli nyingi zaidi mwezi wa Juni, wananchi wanapokimbilia kuwasilisha taarifa za ushuru kabla ya makataa ya Juni 30. Katika pilkapilka hizo, tarakilishi moja hutumiwa na makumi ya watu kwa siku, na kila mmoja huweza kuacha nyuma kitu ambacho hakuna anayekiona: ruhusa.

Ruhusa ni idhini ambayo mtumiaji huipa tovuti kupitia kivinjari, yaani programu ya kufungulia mtandao kama vile Chrome. Tatu ndizo huleta taabu zaidi. Ya kwanza ni ya arifa, ambayo huiwezesha tovuti kutuma ujumbe kwenye kioo hata baada ya ukurasa wake kufungwa. Ya pili ni ya madirisha yanayochipuka yenyewe. Ya tatu ni ya kamera.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba ruhusa hizi haziandikwi kwa jina la mteja. Huandikwa ndani ya kivinjari, zikaambatanishwa na anwani ya tovuti. Mteja akishaondoka, ruhusa aliyoitoa husalia na kumwandama yeyote atakayeketi kwenye kiti hicho.

Tuchukue mfano wa saiba yenye tarakilishi nne karibu na soko la Wote. Asubuhi moja, mteja anatafuta filamu ya bure. Ukurasa unamwambia abofye "Allow" ili athibitishe kuwa yeye si roboti. Huo ni ulaghai. Uthibitisho wa kweli hufanyika ndani ya ukurasa wenyewe, ilhali kisanduku chenye neno "Allow" kinachojitokeza karibu na anwani hutoka kwa kivinjari, na hapo kinachoombwa ni ruhusa ya arifa. Mteja anabofya, anakosa filamu, na kuenda zake.

Alasiri, mama mmoja anaketi pale pale kujaza taarifa za ushuru. Pembeni mwa kioo panachomoza ujumbe kuwa tarakilishi ina virusi, kisha mwingine kuwa ameshinda mkopo na anapaswa kutoa nambari yake ya siri ya M-Pesa. Kwa kuwa yumo katika tovuti ya serikali, ni rahisi kwake kuamini kuwa ujumbe huo umetoka huko. Hapo ndipo hasara hutokea.

Mwenye saiba naye hudhani mashine imeingiwa na virusi, akamlipa fundi aifute yote. Kabla ya kufikia hatua hiyo, na asome maandishi madogo yaliyo kwenye arifa yenyewe. Arifa ya tovuti huonyesha jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma. Ikiwa anwani hiyo ipo, tatizo aghalabu ni ruhusa, na dawa yake haichukui hata dakika mbili.

Katika Chrome ya tarakilishi, andika mojawapo ya anwani hizi mahali pa kuandikia anwani ya tovuti, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza:

```
chrome://settings/content/notifications
chrome://settings/content/popups
chrome://settings/content/camera
```

Kila ukurasa una orodha mbili: ya tovuti zilizoruhusiwa na ya zilizokatazwa. Katika kurasa za arifa na madirisha, kando ya jina la tovuti mna vidoti vitatu. Ukichagua "Remove", jina linafutwa, lakini tovuti hiyo yaweza kuomba tena. Ukichagua "Block", haitaweza kuomba tena. Kwa tovuti ya walaghai, chagua "Block".

Kwa upande wa arifa, tarakilishi ya saiba haina haja ya kuruhusu tovuti yoyote, kwa maana arifa ni za mtu binafsi. Juu ya ukurasa huo pana chaguo la kuzuia tovuti zote zisitume arifa. Mwenye tarakilishi yake nyumbani anaweza kuchagua vivyo hivyo, kisha akaongeza kwa kitufe cha "Add" tovuti moja au mbili anazozihitaji kweli, kama vile ya barua pepe.

Madirisha yanayochipuka yanahitaji busara tofauti. Chrome huyazuia yenyewe, lakini kuna tovuti halali ambazo hufungua stakabadhi katika dirisha jipya. Mteja akibofya ili apate stakabadhi na pasitokee kitu, atazame mwisho wa kisanduku cha anwani, upande wa kulia. Pakiwa na alama ya dirisha lililozuiwa, aibofye. Atapewa kiungo cha dirisha hilo, ambacho anaweza kukifungua mara moja bila kutoa ruhusa ya kudumu. Ikiwa tovuti hiyo hutumiwa kila siku, mwenye saiba anaweza kuchagua "Always allow" kwa tovuti hiyo pekee. Kuyafungulia madirisha ya tovuti zote kwa ajili ya stakabadhi moja ni kuacha lango wazi.

Kabla ya kuruhusu, anwani isomwe herufi kwa herufi. Tovuti ya ushuru ni itax.kra.go.ke. Anwani inayofanana nayo lakini isiyoishia kwa go.ke si yake, na kivinjari huitambua kuwa tovuti nyingine kabisa.

Kamera nayo imekuwa na kazi mpya tangu 2020, mahakama za Kenya zilipoanza kusikiza kesi nyingi kwa njia ya video wakati wa janga la korona. Shahidi aliye Ikutha anaweza kuhitajika katika kesi ya Kitui mjini, akaamua kutumia saiba iliyo karibu. Kivinjari kitakapouliza kuhusu kamera, achague "Allow this time". Ruhusa hiyo ni ya kikao hicho tu. Akichagua "Allow while visiting the site", itabaki hata baada yake.

Kamera ikikataa ingawa tovuti imeruhusiwa, huenda kizuizi kiko kwenye mfumo wa mashine yenyewe. Windows na Android huwa na ruhusa zao za kamera, na ni lazima zikubalie kivinjari kwanza. Kwenye simu za Android 12 na za baadaye, kidoti cha kijani juu ya kioo huonyesha kuwa kamera au maikrofoni inatumika.

Kwenye simu, gusa vidoti vitatu vya Chrome, kisha "Settings", halafu "Site settings". Humo mna "Notifications", "Pop-ups and redirects" na "Camera". Ikiwa arifa zinaendelea baada ya kuzizuia, kagua vivinjari vingine vilivyomo, kwani kila kimoja kina orodha yake. Kama jina lililo kwenye arifa ni la programu wala si la tovuti, ruhusa itafutwe katika mipangilio ya simu.

Chrome ya siku hizi huondoa yenyewe baadhi ya ruhusa za tovuti zisizotembelewa kwa muda mrefu. Hata hivyo, hilo halimfai mwenye saiba, kwa kuwa ruhusa mbaya hufanya kazi siku ile ile inapotolewa.

Kwa sababu hiyo, azipitie zile kurasa tatu kila jioni kabla ya kufunga, na aondoe jina lolote asilolijua. Njia nyepesi zaidi ni kuwahudumia wateja katika dirisha la mgeni, liitwalo "Guest". Dirisha hilo likifungwa, ruhusa zilizotolewa humo hufutika, na mteja anayefuata hukuta kiti kitupu kweli.