Tumbo limevimba na unatapika? Hiki ndicho daktari anachokitafuta kwenye eksirei

Kuna wagonjwa wanaofika hospitali za Mwanza wakiwa na picha ya eksirei ya tumbo ndani ya bahasha ya kaki, na hawajui kabisa inaonyesha nini. Wameambiwa tu, "wahi Bugando". Ukiitoa ile picha ukaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, unaona mabomba meusi yamelala katikati ya tumbo, moja juu ya jingine. Huo ni utumbo uliojaa hewa, na kwa kawaida haupaswi kuonekana hivyo.

Ili ieleweke vizuri, tumfuate mgonjwa mmoja. Ni mfano niliouunga kutokana na mambo yanayotokea mara kwa mara, si mtu fulani.

Ni mwanaume wa miaka 46, anabeba magunia ya dagaa kwenye mwalo kisiwani Kome, wilaya ya Sengerema upande wa Buchosa. Ana ngiri kwenye kinena cha kulia kwa miaka mitano. Huku wengi wanaita mshipa. Akisimama inatokeza, akilala inarudi ndani yenyewe, kwa hiyo hajawahi kuhangaika nayo. Jumamosi jioni ananyanyua gunia, ngiri inatoka, na safari hii hairudi. Imekuwa ngumu na ukiigusa inauma.

Usiku tumbo linaanza kumsokota kuzunguka kitovu. Maumivu yanapanda, anajikunja, yanashuka, anapumua, halafu baada ya dakika chache yanapanda tena. Anatapika ugali wa jioni. Alfajiri anatapika maji ya njano yanayoelekea kijani. Jumapili asubuhi duka la dawa linampa vidonge vya taifodi na dawa ya vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kinena, na yeye kwa aibu hakusema.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea: Jumapili hiyohiyo mchana alipata choo kidogo. Nyumbani wakasema basi, njia iko wazi. Kumbe kile choo kilikuwa tayari kimeshavuka pale palipoziba. Utumbo wa chini unaweza kujisafisha mara moja au mbili ilhali juu pamefungwa kabisa. Swali zuri zaidi ni hili: je, bado anatoa hewa chini? Mtu ambaye hajajamba tangu jana, tumbo linajaa na anatapika, huyo utumbo wake una shida hata kama choo kilitoka asubuhi.

Jumatatu anavushwa kwa kivuko hadi Nyakaliro, kisha kwa gari hadi hospitali. Tumbo ni kama ngoma, na matapishi yamekuwa ya kahawia yenye harufu ya choo. Anapigwa picha.

Kwenye eksirei, hewa ni nyeusi, mfupa ni mweupe, maji na nyama ni kijivu. Mtu mzima mwenye afya huwa na hewa kidogo tumboni na kwenye utumbo mpana, na kipande kimoja kimoja tu kwenye utumbo mwembamba. Daktari anaitazama picha ya huyu bwana na kujiuliza kwanza: mabomba haya meusi ni utumbo upi?

Utumbo mwembamba hukaa katikati ya tumbo. Ukitanuka, mikunjo yake ya ndani huonekana kama mistari myembamba inayokata bomba zima kutoka ukingo hadi ukingo, karibu karibu, mfano wa vipande vya ngazi. Utumbo mpana huzunguka pembeni kama fremu ya picha, na mikunjo yake haifiki upande wa pili, inaishia njiani. Ukishajua ni upi, unapima upana. Madaktari wana namba tatu rahisi: utumbo mwembamba usizidi sentimita 3, utumbo mpana usizidi 6, na ule mwanzo wa utumbo mpana, chini kulia, usizidi 9.

Mabomba ya mgonjwa wetu yako katikati, yana mistari inayokata mpaka upande wa pili, na upana wake ni sentimita 4 na nusu. Kwenye utumbo mpana hakuna hewa karibu yoyote. Yaani juu pamejaa, chini pamekauka. Hiyo ni picha ya utumbo mwembamba ulioziba.

Kisha anapigwa picha nyingine akiwa amesimamishwa. Hapo inatokea kitu cha ajabu kidogo: kila bomba lina mstari ulionyooka kabisa, juu ni nyeusi, chini ni kijivu. Ni maji yaliyotuama na hewa juu yake, kama chupa ya soda uliyoinywa nusu. Mistari kadhaa ya namna hiyo, mingine juu mingine chini, inaunga mkono kwamba vitu havisongi.

Lakini jibu la kwa nini ameziba liko chini kabisa ya picha. Chini ya mfupa wa kinena, upande wa kulia, kuna kiputo cheusi mahali ambapo hewa haina kazi. Ni kitanzi cha utumbo kimenaswa ndani ya ngiri. Na hapa nina neno na wapiga picha: picha ya tumbo ikikatwa juu ya kinena, kile kiputo hakionekani. Ndiyo maana daktari mzuri hasubiri picha, anamvua mgonjwa nguo na kumgusa kinena pande zote mbili. Vidole viwili vinaweza kutoa jibu mapema kuliko mashine.

Kwa nini sasa haraka yote hii? Kwanza ni maji. Mate, maji ya tumbo, nyongo na majimaji ya utumbo wenyewe kwa siku moja hufika lita 7 hivi, na karibu yote hufyonzwa tena kurudi mwilini. Njia ikiziba, maji hayo yanabaki yamekwama ndani ya utumbo na mengine yanatapikwa. Mtu anaweza kufa kwa kuishiwa maji huku tumbo lake limejaa maji. Ukiona mdomo umekauka, mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito, moyo unakimbia, hali hiyo imeshaanza.

Pili ni damu. Kitanzi kilichonaswa kinabanwa shingoni. Mishipa inayorudisha damu ina kuta laini, kwa hiyo inabanwa kwanza, huku ile inayoleta bado inasukuma. Damu inaingia, haitoki. Utumbo unavimba, unazidi kujibana, mwishowe hata inayoingia inakatika. Rangi inatoka nyekundu, inakuwa zambarau, kisha nyeusi. Hii inaweza kuchukua saa chache tu. Utumbo uliokufa unavujisha vijidudu, unatoboka, na sumu inasambaa tumbo zima.

Dalili kwamba mambo yamefika huko ni maumivu yaliyokuwa yanakuja na kuondoka kugeuka kuwa ya moja kwa moja, homa, na tumbo kuwa gumu kama ubao. Usifurahie pia maumivu yakipungua ghafla ilhali mgonjwa anazidi kulegea.

Na hili eksirei haliwezi kukuambia. Picha haionyeshi kama utumbo bado uko hai. Mapema sana inaweza hata kuonekana ya kawaida. Kama mabomba yamejaa maji bila hewa, picha nzima inakuwa kijivu na inamdanganya mtazamaji. Kuna pia hali ambapo utumbo umelala tu bila kuziba, kwa mfano baada ya upasuaji au madini ya potasiamu yakishuka. Hapo mwembamba na mpana vyote vinajaa hewa. Kwa hiyo mgonjwa anayetapika, tumbo limevimba na hatoi hewa, harudishwi nyumbani kwa sababu tu picha "haina kitu". Akipatikana wa siti skani ni vizuri, ila hali yake ndiyo inayoamua.

Ngiri siyo sababu pekee. Aliyewahi kupasuliwa tumbo, hata upasuaji wa uzazi miaka kumi iliyopita, anaweza kuwa na kovu la ndani lililogandisha utumbo. Baadhi ya hawa hufunguka bila kisu, kwa dripu na mpira wa puani, wakiangaliwa kwa karibu. Kifua kikuu nacho hushika utumbo na kuubana. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando walichapisha uzoefu wao wa wagonjwa 118 walioziba utumbo kwa ugonjwa huo. Na kuna utumbo mpana unaojisokota. Huo kwenye picha unatokea kama punje kubwa ya kahawa iliyojaa tumbo zima, na mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa punje ya kahawa inafananaje. Kwa mtoto mchanga ni rahisi zaidi kukumbuka: matapishi ya kijani ni hospitali muda huohuo, hata kama tumbo halijavimba.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Anazuiwa kula na kunywa. Dripu inafunguliwa, mpira unapitishwa puani hadi tumboni na zaidi ya lita moja ya uchafu inatoka, mpira wa mkojo unawekwa ili kupima kama maji yanatosha, na dawa za kuua vijidudu zinaanza. Anapelekwa Mwanza kwa kupitia daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo mgonjwa angesubiri kivuko cha pili.

Ndani ya chumba cha upasuaji ngiri inafunguliwa na kitanzi kinatolewa. Ni cheusi cheusi. Daktari anakifunika kwa kitambaa chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu na kusubiri dakika kadhaa. Kikirudi wekundu na kuanza kutembea, kinarudishwa. Hiki hakikurudi. Kinakatwa kipande, ncha mbili zinashonwa pamoja. Angefika Jumapili, pengine kingerudishwa kizima.

Ukiwa kisiwani na hali kama hii, usimpe mgonjwa dawa ya kuharisha wala mafuta ya mbarika, usimpige bomba, na usiruhusu mtu akande ile ngiri ili irudi kwa nguvu. Asile kitu. Kama kivuko kimeshaondoka, piga simu kituo cha afya kilicho karibu aanzishiwe dripu wakati usafiri unatafutwa. Na mkifika mapokezi, semeni mambo manne bila kuulizwa: alitapika mara ya kwanza lini na rangi gani, alitoa hewa chini mara ya mwisho lini, amewahi kupasuliwa tumbo au la, na kama ana ngiri, iko upande gani.