Gisenyi: Maneno manne ya kuchunga katika kutafsiri mkataba wa nyumba

Mpangaji anayetoka Goma na kukodi nyumba Gisenyi, wilayani Rubavu, huenda akakabidhiwa mkataba wa Kinyarwanda. Mfasiri wake hana budi kuchunga maneno manne.

"Ingwate" hapa ni dhamana, ile ambayo Goma huitwa garanti. Isitafsiriwe kuwa kodi ya awali, kwani kodi huliwa na miezi, dhamana hurudishwa. Tuseme dhamana ni faranga 300,000, na mpangaji amevunja kioo cha faranga 20,000: atadai 280,000.

"Gusana" ni kukarabati. Mkataba ukisema tu kwamba nyumba itakarabatiwa, mfasiri asimtaje mwenye nyumba kwa kukisia. Aache pengo lionekane, ili pande mbili ziandike nani atalipa kabla ya kutia saini.

"Integuza" ni taarifa ya mapema, si onyo la kosa. Siku zake zitafsiriwe pamoja na tarehe zinapoanzia kuhesabiwa.

"Gusesa amasezerano" ni kuvunja mkataba, si kumtoa mtu ndani. Hukumu ya kumhamisha mpangaji hutekelezwa na "umuhesha w'inkiko", mtekelezaji wa hukumu za mahakama. Kumwita dalali au polisi ni kupotosha.