PIN ya runinga imesahaulika? Usikimbilie kwa fundi

Msomaji wetu mmoja aliyeko Moi's Bridge, njia ya Eldoret kwenda Kitale, aliwafungia watoto chaneli fulani na sasa hata yeye hazimfungukii. Fundi amemwambia apeleke runinga mjini. Asiibebe kwanza.

Atazame kisanduku kinachoomba PIN kinatii rimoti ipi. Kikitii ya dikoda, kufuli ni la dikoda. La DStv hutoka kiwandani na 1234. Kama aliibadilisha, huduma kwa wateja watamsaidia akiwa na namba ya kadi. Namba ya siri ya M-Pesa haihusiki hapo, na anayeiomba ni mwizi.

Kikitii ya runinga, na yake ni Samsung ya kisasa, ajaribu 0000. Ikikataa, asihangaike kufuta kila kitu kwenye menyu, kwani hata huko huulizwa PIN ile ile. Runinga ikiwa imewaka, abonyeze bila kusitasita: kuongeza sauti, kurudi nyuma, kupunguza sauti, kurudi nyuma, kuongeza sauti, kurudi nyuma. Rimoti ikiwa ya zamani, yenye vitufe vya namba, aanze kwa kitufe cha kuzima sauti. PIN hurudi kuwa 0000.

Ikishafunguka, aende `Change PIN` papo hapo, watoto wakiwa madrasa. Hiyo 0000 wanaijua kabla yetu.