Kukadiria kimo cha mti kwa picha na kivuli

Kimo cha mti kinaweza kukadiriwa kutokana na picha moja tu ya kamera ya kawaida, mradi picha hiyo ionyeshe kivuli kizima cha mti, kitu kilichosimama wima ambacho urefu wake unajulikana, na kivuli cha kitu hicho. Kilele cha mti si lazima kionekane. Anayepima hapandi mti wala hahitaji chombo cha kupimia pembe. Kazi ikifanywa kwa uangalifu kwenye uwanja tambarare, mti wa mita 17 hupimwa kwa shaka ya karibu nusu mita. Ikifanywa ovyo, kosa la mita nne au tano ni jambo la kawaida.

Msingi wake ni wa kale. Diogene Laertio na Plutarko wameandika kwamba Thales wa Mileto, aliyeishi karne ya 6 KK, alipima piramidi za Misri kwa vivuli. Jua liko mbali mno hata miale yake hufika uwanjani ikiwa sambamba. Kwa hiyo mti na kivuli chake hufanya pembetatu yenye umbo lilelile la pembetatu ya fito na kivuli chake, ila moja ni kubwa na nyingine ni ndogo. Kivuli cha mti kikiwa mara nane ya kivuli cha fito, basi mti nao ni mara nane ya fito.

Kwa nini kivuli, si mti wenyewe

Msomaji anaweza kuuliza: fito ikisimamishwa kando ya shina, kwa nini tusihesabu tu inaingia mara ngapi katika mti unaoonekana pichani? Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa kamera imeshikwa sawasawa, haikuinuliwa wala kuinamishwa. Tatizo ni kwamba mpiga picha akitaka kilele kiingie, karibu kila mara huinua kamera. Kamera ikiinuliwa, sehemu ya juu ya mti husinyaa pichani ikilinganishwa na ya chini, na fito iliyo chini haiwezi tena kuwa kipimo cha matawi ya juu.

Kivuli hakina udhaifu huo, kwa sababu kimelala chini. Kikikatiza picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, sehemu zake zote huwa katika kina kimoja mbele ya kamera, na kuinamisha kamera kidogo hakubadilishi uwiano wa urefu wao. Sharti ni hilo tu, kwamba kivuli kikatize picha. Mpiga picha asimame ubavuni mwa kivuli, jua likiwa kushotoni au kuliani kwake, si mbele wala mgongoni.

Sharti hilo likivunjwa, madhara yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Chukua kivuli kinachokwenda mbali na kamera, kikianzia mita 10 kutoka kwa mpiga picha na kuishia karibu mita 32. Nusu yake ya karibu itachukua zaidi kidogo ya robo tatu ya urefu wake pichani, na nusu ya mbali itabanwa katika robo iliyobaki. Atakayeweka rula juu ya picha kama hiyo atapata namba, lakini namba hiyo haina maana.

Kuandaa picha

Fito inayofaa ni ya mita 2, iliyonyooka, yenye rangi isiyofanana na ardhi. Bomba jembamba la plastiki linatosha. Isimamishwe wima kwa timazi, maana macho hudanganya: fito ikilalia upande wa kivuli kwa nyuzi 3 tu, wakati jua liko karibu nyuzi 38 juu ya upeo wa macho, kivuli chake hurefuka kwa takriban asilimia 4, na mti wa mita 17 utaonekana mfupi kwa zaidi ya nusu mita.

Mahali pazuri pa kuiweka ni mbele kidogo ya ncha ya kivuli cha mti, juu ya mstari uleule unaotoka shinani kupita kwenye ncha. Hapo fito ipo juani na kivuli chake hakimezwi na kile cha mti. Fito ya pili yenye urefu uleule husimamishwa shinani. Kazi yake itaonekana baadaye. Ni nyongeza ndogo inayookoa picha nyingi. Wapimaji wengine hulaza pia kamba iliyonyooshwa kwenye mstari wa kivuli, nayo hutoa habari muhimu: ikionekana imepinda pichani, lenzi inapotosha, na kipimo chochote cha pembezoni mwa picha kina shaka. Lenzi pana sana za simu huwa na kasoro hiyo, hivyo ni heri kurudi nyuma hatua kadhaa kuliko kuzitumia.

Picha ina faida moja juu ya kupima uwanjani kwa futi kamba, nayo ni kwamba vivuli vyote viwili vinanaswa kwa wakati mmoja. Jua la alasiri huteremka haraka katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta. Anayepima kivuli cha mti, akaenda kutafuta fito, akarudi baada ya dakika tano, anaweza kuwa amekosea kwa asilimia 4 bila kujua.

Mfano: mvinje wa uwanjani

Tuchukue mfano wa mvinje ulio peke yake kando ya uwanja wa mpira Dar es Salaam, mwishoni mwa Julai, saa tisa na nusu alasiri. Saa hiyo jua liko karibu nyuzi 38 juu ya upeo wa macho. Mvinje unafaa kwa somo hili kwa kuwa kilele chake ni chembamba. Mpiga picha anasimama takriban mita 25 kutoka kwenye mstari wa kivuli, akitumia simu inayotoa picha zenye upana wa pikseli 4,000.

Picha inafunguliwa katika programu inayoonyesha pikseli, kama vile GIMP. Kivuli cha mti, kutoka katikati ya shina hadi ncha, kina pikseli 2,850. Kivuli cha fito kina pikseli 322. Kwa kuwa fito ni mita 2, kimo cha mti ni:

2 × 2,850 ÷ 322 = mita 17.7

Sasa fito ya pili inatoa ushahidi wake. Fito ya shinani ina urefu wa pikseli 264, na ile ya kwenye ncha ina pikseli 257. Kama mpiga picha angesimama ubavuni kabisa, zingelingana. Kutolingana kunamaanisha kuwa ncha ya kivuli ilikuwa mbali kidogo na kamera kuliko shina, kwa hiyo kivuli cha fito, kilichoko upande wa ncha, kimepungua pichani kupita kiasi na kuufanya mti uonekane mrefu. Marekebisho ni mepesi: jibu huzidishwa kwa pikseli za fito ya kwenye ncha na kugawanywa kwa zile za fito ya shinani.

17.7 × 257 ÷ 264 = mita 17.2

Tarakimu ya mwisho isiaminiwe sana. Jua si nukta bali ni duara lenye upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo ncha ya kivuli haikatiki kama kisu. Kwa mti huu utando wake hafifu una upana wa karibu sentimita 40. Kosa la pikseli 3 katika kivuli cha fito huongeza au kupunguza sentimita 17 hivi, na fito iliyoinama kwa nyuzi 1 huleta zaidi ya sentimita 20. Jibu la kuandika daftarini ni mita 17, kwa shaka ya nusu mita.

Mteremko hauna ubaya ukiwa mmoja. Uwanja mzima ukiinama upande uleule kwa kiasi kilekile, vivuli vyote viwili hurefuka au hufupika kwa uwiano mmoja na hesabu hubaki sahihi. Shida hutokea pale kivuli cha mti kinaposhuka mtaroni au kupanda tuta huku fito ikiwa mahali tambarare.

Ncha isiyo ya kilele

Kosa linalowapata wengi halitokani na kamera. Katika mwembe au mkungu, ncha ya kivuli haitokani na kilele. Inatokana na ukingo wa matawi yaliyo upande wa kivuli. Tuseme mwembe una kimo cha mita 12 na matawi yake yamefanya umbo la mpira lenye nusu kipenyo cha mita 5. Jua likiwa nyuzi 60, kivuli kitampa mpimaji mita 17, yaani ziada ya mita 5 nzima. Likishuka hadi nyuzi 30, ziada hupungua hadi karibu sentimita 80. Dalili yake ni rahisi kuiona: mti uleule ukipigwa picha mchana na tena jioni, majibu hutofautiana, na la mchana ndilo kubwa.

Ndiyo sababu miti ya mwavuli hupimwa kivuli kikiwa kirefu kuliko mti wenyewe, yaani jua likiwa chini ya nyuzi 45. Chini ya nyuzi 20 nako ncha huwa hafifu mno, na kila kibonde cha ardhi huhesabika. Saa sita mchana haifai kabisa. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena kuelekea katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini na mti hukanyaga kivuli chake.

Picha za kutoka angani

Picha iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja haina haja ya fito iliyosimama. Kitu chenye urefu unaojulikana kilicholala chini, kama upana wa goli, ambao ni mita 7.32, hutoa kipimo cha picha. Saa na mahali pa kupigia hutoa pembe ya jua. Na kimo ni urefu wa kivuli ukizidishwa kwa tanjenti ya pembe hiyo. Kwa mvinje wetu, kivuli cha mita 21.6 na tanjenti ya 0.796 hurudisha mita 17.2 zilezile. Saa ya kamera ikikosewa kwa dakika tano, kosa la asilimia 4 hurudi.

Katika msitu mnene njia zote mbili hukwama, kwa kuwa kivuli cha mti mmoja huangukia majani ya mwingine kabla ya kufika ardhini. Miti ya asili mirefu kuliko yote iliyoripotiwa Afrika, ya spishi ya Entandrophragma excelsum, ambayo mmoja wao ulitangazwa na Andreas Hemp mwaka 2016 kuwa na mita 81.5, imeota katika makorongo ya mlima Kilimanjaro, na huko hupimwa kwa vifaa vya leza.