Uandishi, Dhamana na Akili Unde
Programu ya ChatGPT ilitolewa Novemba 2022. Kufikia Januari 2023 ilikwishaorodheshwa kuwa mwandishi katika makala kadhaa za kitaaluma. Jarida la Nature lilikataa desturi hiyo mwezi huohuo. Hoja yake ilihusu dhamana: mwandishi huiwajibikia kazi yake na hujibu makosa yanapogunduliwa, jambo ambalo programu haiwezi kulitenda. Januari 2024, Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba ilielekeza msaada wa kuandika utajwe katika shukrani, na uchanganuzi wa data katika mbinu. Basi kauli “akili unde ilitumika” haitoshi. Aliyeitumia kufupisha ikisiri aitaje programu na toleo lake, aieleze kazi hiyo, kisha athibitishe kuwa aliyahakiki matokeo mwenyewe.